Kifuniko Kimoja Kila Shimo

Shemeji yake mwalimu, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa na duka la mbegu na mbolea karibu na stendi. Kila msimu alipokea mabunda ya vikaratasi kutoka kwa watengenezaji wa mbolea, maandishi madogo kama chawa, na kila msimu wateja walivitumia kuwashia moto. Ndipo akamwendea mwalimu, maana alifundisha kisomo cha watu wazima, akamwomba akiandike upya kikaratasi cha mbolea ya kupandia mahindi, kwa lugha ambayo hata anayesoma kwa kusukuma silabi angeielewa.

Kazi ile ilimkolea. Walikaa kaunta wakachukua kizibo cha bati cha chupa ya soda, wakakijaza mbolea, wakafuta juu kwa kidole. Vizibo kumi vya namna hiyo, mizani ya jikoni ilisoma gramu hamsini. Kwa hiyo kizibo kimoja ni gramu tano, sawasawa na alivyotaka mtengenezaji kwa shimo la mbegu mbili.

Nyumbani akakaa na kalamu nyekundu. Alikuwa na sheria yake ya darasani: mstari usizidi maneno matano. Kikaratasi cha zamani kilisema, "Tumia kizibo kimoja cha soda kilichosawazishwa, sawa na gramu 5." Neno "kilichosawazishwa" aliwajua wanafunzi wake ambao wangekwama katikati yake. Akalikata. "Gramu" nazo, nani ana mizani shambani? Akazikata. Akaona "kifuniko" ni neno la nyumbani zaidi kuliko "kizibo", na mstari ukamtoka mzuri, mfupi: "Weka kifuniko kimoja kila shimo." Chini yake, "Funika kwa udongo kidogo," kisha, "Weka mbegu mbili juu." Aliusoma darasani, akauliza kama wameelewa. Wote wakasema wameelewa. Shemeji akatoa nakala, akawa anatia moja katika kila mfuko anaouza.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea, na sasa alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa ameanza kusoma uzeeni, mkaidi kama nini, akifuata mstari kwa ukucha. Mwaka ule alikataa kusomewa. Alikipeleka kikaratasi shambani akakisoma mwenyewe, na jioni akapita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba amepanda kwa maandishi.

Baada ya wiki mbili akatuma ujumbe kwamba mahindi yamegoma.

Mwalimu alimkuta amechuchumaa shambani, upande wa juu, anafukua kwa kidole. Mbegu zilikuwa zimevimba, zimetoa mzizi mfupi, na ncha ya mzizi imekuwa ya kahawia kama uzi ulioguswa na moto. Shimo hili hivyo, na lile hivyo hivyo. Lakini upande wa chini, karibu na njia, mahindi yalikuwa yamesimama mabichi, mstari kwa mstari.

"Huku chini mbolea haikufika," shangazi akasema. "Iliisha katikati ya shamba. Nikafikiri shemeji yako kanipunja mfuko."

Mwalimu akaomba kuona alichopimia. Shangazi akatoa mfukoni kifuniko cha dumu la mafuta ya kupikia, chekundu, kipana, akaeleza kwamba alikuwa akikijaza mpaka kinachungulia. Kile kilibeba vizibo vitatu vya soda na ziada, na mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha vya kutosha kuipooza mbolea. Mbegu zilikuwa zimeungua.

Akajua pale pale. Alikiona tena akilini kizibo cha bati juu ya kaunta, na kidole chake mwenyewe kikifuta.

Shangazi alikuwa akimtazama usoni. "Nilisoma vibaya, eti? Kuna neno nililiruka."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake alisikia sauti yake ikisema kwamba mambo haya hutokea, hata wanaosoma siku zote hukosea. Shangazi akatikisa kichwa polepole, akakikunja kikaratasi na kukirudisha mfukoni kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake.

Wiki ile hakuja darasani. Kiti chake kilikaa kitupu, na mwalimu alifundisha akikikwepa kwa macho. Alijaribu kujitetea moyoni: kikaratasi hakikusema dumu. Lakini hakikusema soda pia. Maneno yote yaliyokuwa yakilinda kipimo aliyakata kwa mkono wake, kwa sababu mstari ulikuwa mzuri. Na darasani aliwauliza kama wameelewa, wakati mtu mzima aliyeanza kusoma juzi hawezi kumwambia mwalimu wake hapana.

Mwishowe akaenda dukani, akamwambia shemeji yake kila kitu. Shemeji alikaa juu ya gunia, akashika kichwa. Hofu yake ilikuwa kwamba watu watasema duka lake linauza sumu. Akapendekeza wabadilishe kikaratasi kimya kimya. Mwalimu akakataa, akamwambia kuna watu ambao bado hawajapanda, na kikaratasi wanacho. Shemeji akanung'unika, kisha akaandika tangazo la mlangoni kwa mkono wake, akapima mbegu za mahindi ya muda mfupi kwa ajili ya shangazi.

Mwalimu alizibeba mwenyewe. Shangazi alikuwa uani anapepeta maharage, na hakuacha kupepeta.

"Hukusoma vibaya, shangazi. Ulisoma kila neno. Mimi ndiye niliyeandika vibaya, na nilijua tangu siku ile shambani."

Ungo ukasimama.

"Mahindi yatapandwa tena," shangazi akasema. "Lakini wiki nzima umeniacha najiita mjinga. Hilo, mwanangu, utalipanda wapi?"

Walikwenda shambani pamoja, wakapanda kwenye mashimo mapya shibiri moja kutoka yale ya zamani, bila kuongeza mbolea upande ule.

Kikaratasi kipya kilichukua siku nyingi. Safari hii mwalimu hakuuliza mtu kama ameelewa. Alimpa mtu karatasi, beseni la mbolea, na vifuniko vya kila aina, akanyamaza, akatazama mikono. Mmoja alichukua cha chupa ya maji, mwingine akalundika. Kila mkono ulipokosea, alirekebisha maneno, wala hakumrekebisha mtu. Sheria ya maneno matano akaitupa. "Tumia kizibo cha bati cha soda. Jaza. Futa juu kwa kidole. Hiyo ni gramu 5. Weka kizibo kimoja tu kila shimo." Pembeni kulikuwa na duara la ukubwa ule ule wa kizibo. Mashine ya nakala ililipunguza mara ya kwanza. Waligundua walipoweka kizibo juu yake, wakazichana nakala zote. Shangazi alikuja siku ya mwisho, akasoma kwa ukucha, akapima, akafuta. Kipimo kikatoka sawa. Hakutabasamu, lakini alirudi darasani.

Mvua ilijitahidi, na mahindi ya muda mfupi yakazaa, ingawa si kama ya upande wa chini. Wateja wengi waliona tangazo wakaja kubadilisha vikaratasi. Si wote. Shemeji alikumbuka mwanamke mmoja aliyeshuka kwenye basi la mbali kabla ya tangazo, akanunua mifuko miwili, akaomba asomewe kikaratasi ili akishike kichwani. Shemeji alimsomea mara mbili. Mwanamke akaurudia mstari neno kwa neno, akashukuru kwamba ni mwepesi kukumbuka, akapanda basi. Hawakumwona tena, na hakuna aliyejua anakotoka.