Nimefiwa na Bi Mkubwa

Simu ilimkuta Mama Dozi mlangoni mwa ukumbi wa mitihani, kitambulisho mkononi, foleni ikisogea. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake wa ufamasia. Alikuwa mtu mzima kuliko wote darasani, alikuwa ameuza dawa dukani miaka mingi kabla ya kuamua kuzisomea, na ukimwomba ushauri wowote, hata wa mapenzi, alianza na "asubuhi na jioni, baada ya chakula." Aliyepiga simu alikuwa binti wa mke mwenzake.

"Mama mdogo, mama amekata kauli. Wamevuta pazia. Mimi sijui nifanye nini."

Msimamizi alikuwa ameshamsogezea karatasi ya mahudhurio asaini. Ulikuwa mtihani wa famakolojia, wa mwisho katika mwaka wa mwisho. Mama Dozi aliitazama ile kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani, akasema, "Samahani, mwalimu," akatoka kwenye foleni. Alipofika hospitalini, bi mkubwa alikuwa ameshafunikwa shuka hadi usoni, na binti amekaa sakafuni ameshika viatu vya mama yake.

Tusidanganyane: wale wanawake wawili hawakuwa wakipendana. Siku Mama Dozi alipoingia katika ile nyumba kama bi mdogo, bi mkubwa alimwonyesha jiko lake na la mwenzake, akamwambia, "Moshi wako ubaki kwako." Wakakaa hivyo miaka, ukuta mmoja katikati, salamu za kulazimisha. Kisha mume wao, dereva wa malori ya masafa marefu, akahamia kwa mwanamke wa tatu, mbali huko, akawaachia ukuta wao. Bi mkubwa alipoanza kuvimba miguu na figo zikagoma, ndugu zake walikuja mara mbili wakachoka. Aliyebaki kumpeleka kusafishwa damu, kumhesabia vidonge na kugombana naye kuhusu chumvi alikuwa bi mdogo. Hawakuwahi kukaa chini wakapatana. Walizoeana tu, kama watu wanaosubiri zamu kwenye benchi moja.

Msibani Mama Dozi hakupata hata nafasi ya kulia vizuri. Alishughulikia mochwari, kibali cha mazishi na watu wa kulala. Mume alikuja, akazika, akaondoka kesho yake. Ndipo mwanafunzi mmoja alipompigia kumkumbusha kilichoandikwa kwenye kanuni: aliyekosa mtihani ana siku saba tu za kuomba ruhusa, tena kwa maandishi na vielelezo. Ukikubaliwa, unafanya mtihani maalumu, na alama zako zinahesabiwa kamili, kama vile umefanya mara ya kwanza. Usipokubaliwa, umepata sifuri. Utafanya marudio pamoja na waliofeli, na hata ukijibu kila kitu sawasawa, hupewi zaidi ya C.

Siku ya saba ndiyo iliyomkuta kwenye dirisha la ofisi ya mitihani, na bahasha yenye barua ya maombi, nakala ya kibali cha mazishi, na barua ya ofisi ya mtaa iliyosema kwamba mkazi huyu amefiwa katika familia yake. Karani alikuwa kijana wa mjini, mchangamfu, shati limenyooka.

"Ulishasaini mahudhurio siku ile?"

"Hapana. Nilikuwa mlangoni."

"Afadhali. Ungesaini tu, tungesema umefanya, basi, habari imekwisha." Akavuta fomu. "Umefiwa na nani, dada?"

"Nimefiwa na bi mkubwa."

Kijana akaweka kalamu chini. "Pole sana. Kufiwa na bi mkubwa si mchezo. Mimi wangu akiumwa jino tu, silali." Akaandika haraka, akageuza fomu. "Saini hapa."

Kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu alikuwa ameandika: mama mzazi. Kwa vijana wa mjini, bi mkubwa ni mama yako, hakuna mwingine. Mama Dozi aliona. Aliona pia chini yake orodha ya jamaa wanaokubalika, imechapishwa kwa herufi ndogo: mzazi, mume au mke, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye. Mke mwenza hayumo. Nyuma yake foleni ilikuwa ikikohoa. Akasaini.

Nyumbani alimkuta mama yake mzazi, aliyekuja msibani na hakuwa ameondoka bado, amekaa kibarazani anachagua mchele.

"Wamekukubalia, mwanangu?"

"Wamepokea."

"Njoo basi ule. Umekonda kama umefiwa na mimi."

Mama yake alicheka mwenyewe kwa mzaha wake. Mama Dozi aliingia ndani moja kwa moja, akakaa kitandani. Alikuwa amemwandika mama yake marehemu, akatia na saini. Jioni binti wa bi mkubwa alimletea chai na kitabu cha famakolojia ili amsikilize akijisomea, naye hakuweza kutamka hata jina la dawa moja. Usingizi wa siku zile ulikuwa wa vipande vipande. Mara ajiambie kwamba hakuandika yeye, kaandika karani. Mara aone yule marehemu, ambaye hata kwa kufa kwake amenyimwa nafasi yake, kafanywa mama wa mtu aliyekuwa akigombana naye kuhusu chumvi.

Mwishowe alikwenda kwa mkuu wa idara, mwanamke mpole wa kusikiliza ila asiyekunjua uso. Akamwambia yote.

Mkuu wa idara alivua miwani. "Unajua nilishapendekeza ukubaliwe? Barua yangu iko kwa afisa mitihani. Alama zako za mazoezi zimekamilika, vielelezo vipo. Ungekaa kimya, ingepita."

"Najua."

"Na unajua kutoa taarifa za uongo kwenye maombi ya mtihani ni kosa la nidhamu? Mtu anaweza kusimamishwa mwaka mzima."

"Najua, mama. Ila mama yangu yupo nyumbani, anachagua mchele."

Mkuu wa idara alirudisha miwani usoni. Kisha akafungua kanuni, akamwonyesha kifungu kilichokuja baada ya ile orodha ya jamaa: au sababu nyingine nzito, kadiri kamati itakavyoridhika. "Andika barua ya marekebisho leo leo. Usiombe kwa kufiwa na jamaa, maana watakuuliza jamaa gani. Omba kwa kifungu hiki. Nenda hospitali wakuandikie kwamba wewe ndiye uliyesajiliwa kuwa mwangalizi wa mgonjwa, na saa aliyofariki. Kwa sababu ombi la kwanza lilifika ndani ya siku saba, hili litaambatanishwa nalo. Sikuahidi kitu."

Hospitali walimzungusha, daktari yuko zamu nyingine, muhuri umefungiwa kabatini, lakini barua ilipatikana. Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati ya mitihani. Meza ndefu, chupa za maji, nyuso sita. Mwenyekiti alimtaka aeleze, akaeleza.

Mhadhiri mmoja wa takwimu aliegemea kiti. "Kwa hiyo tukikubali mke mwenza leo, kesho atakuja mtu na shemeji wa jirani. Orodha ina maana yake."

"Ina maana, mwalimu," alisema Mama Dozi. "Sikuja kuomba aingizwe kwenye orodha."

"Mlikuwa mnapendana?"

"Hapana."

Mtu mmoja alikohoa. Mhadhiri wa takwimu akashika kidevu. "Basi kwa nini usifanye mtihani, ukaenda baadaye? Saa tatu tu."

"Binti yake alinipigia mimi. Hakuwa na mwingine wa kumpigia."

Mwenyekiti akauliza nani aliandika mama mzazi. Mama Dozi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi, na bado lilimchoma. "Aliandika karani, kwa kunisikia vibaya. Lakini mimi nilisoma nikasaini. Kosa ni langu." Alijua karani hatapona hata akisema hivyo, na kweli hakupona, alipewa karipio kwa kutolinganisha fomu na vielelezo.

Akatolewa nje asubiri. Kwenye korido alikaa karibu na ndoo ya kudekia, akisikia sauti zikipanda na kushuka bila kushika neno. Hakuambiwa kitu siku hiyo. Kamati hupendekeza tu. Wa kuamua ni baraza la taaluma, na baraza lilikuwa halijakaa. Ratiba ya marudio ikabandikwa ukutani, jina lake halimo. Kila akitoka kwenye duka la dawa, alikorudi kuuza huku akisubiri, alipita kuangalia, akirudi na jibu lile lile: subiri baraza. Binti akaacha kumuuliza. Mama yake alikuwa ameshasafiri kurudi kwake, bila kujua kwamba kwa siku kadhaa aliwahi kuwa marehemu kwenye faili.

Barua ilitoka siku mbili kabla ya mtihani. Aya ya kwanza ilisema ameruhusiwa kufanya mtihani maalumu wa famakolojia, kwa sababu nyingine nzito. Aya ya pili ilimpa onyo la maandishi kwa kusaini taarifa aliyojua si kweli. Litakaa kwenye faili lake, na kosa la pili litampeleka kwenye kamati ya nidhamu. Aliisoma aya ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza.

Aliufanya katika ukumbi ule ule, pamoja na wa marudio, karatasi ile ile ya maswali. Tofauti ilikuwa kwenye orodha ya msimamizi tu. Swali la nne lilitaka aeleze kwa nini dozi za dawa fulani hupunguzwa kwa mgonjwa ambaye figo zimeshindwa, na dalili za kuzidisha. Alilijua jibu kuliko lolote. Aliandika mistari miwili, akaiona ile miguu iliyovimba juu ya mto, akaweka kalamu chini. Msimamizi alipita, akasimama, akaendelea. Alipokuja kuishika tena, muda ulikuwa umekwenda, na swali la sita hakuligusa.

Alipata B, B kamili isiyo na alama ya marudio pembeni yake. Ila matokeo ya mitihani maalumu yaliidhinishwa baada ya mahafali, na wenzake walivaa majoho yao bila yeye, alitumiwa picha. Cheti alikifuata dirishani siku ya kazi, akiwa na yule binti, ambaye mjomba wake alikuwa ameshampigia mara mbili kumwambia akaishi kwao na alikuwa hajajibu. Karani alikuwa yule yule. Alimsogezea daftari asaini bila kumtazama.

"Nilikuletea matatizo," alisema Mama Dozi.

"Yalishapita, mama." Akagonga muhuri. "Hakikisha jina lako liko sawa kabla hujaondoka."

Akasoma jina lake, herufi kwa herufi, na binti akachungulia begani kwake akisoma naye.