Ujumbe Uliotokea kwenye Skrini

Sifaeli alipobisha hodi kwenye chumba cha Gadiel kule Engutoto, Jumamosi saa nane mchana, alikuwa na mfuko wenye diski moja ya mchezo wa mpira, waya wa kuchajia na karatasi aliyoandika mwenyewe kwa kalamu. Maneno ya kwenye karatasi, mambo ya kukagua kabla ya kununua mashine ya mchezo iliyotumika, yalikuwa ya binti yake Aikande. Alimtumia kwa sauti kutoka Mwanza, anakoishi na mama yake, na Sifaeli alisikiliza mara tatu kabla ya kuyaandika.

Alikuwa fundi wa pampu kwenye shamba la maua huko Usa River, mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye chumba kimoja na televisheni ambayo mara nyingi ilibaki imezimwa. Tangu Aikande afikishe miaka kumi na tatu, simu zao zilikuwa zimefupika. Umekula? Nimekula. Shule? Iko poa. Halafu kimya, na kwa mbali sauti ya risasi za mchezo wake. Siku moja mtoto akasema, "Baba, si ununue PS4, tucheze wote mtandaoni? Kuna mchezo wa mpira wa bure, hatulipii kitu." Sifaeli hakuwa amewahi kushika rimoti ya mchezo. Alisema atanunua.

Mashine ya kwanza aliikuta kwa mwenye duka la vipuri hapo hapo Usa River. Ilikuwa safi kama mpya, ikacheza diski bila tatizo. Ila alipoiunganisha na intaneti ya simu yake na kuingiza akaunti aliyofunguliwa na Aikande, skrini ikasema mashine hiyo imefungiwa kutumia mtandao. Akaunti ilikuwa nzima. Kilichofungiwa ni mashine yenyewe.

"Sasa mtandao wa nini, mzee?" muuzaji akamuuliza. "Ina rimoti mbili. Mnakaa sebuleni wawili, mnacheza."

Sifaeli hakuwa na wa pili. Alishukuru akaondoka.

Ndiyo maana leo alikuwa makini. Gadiel, kijana wa miaka ishirini na kitu, alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akawasha mashine. Chumba kilikuwa nadhifu. Alisema anauza kwa sababu anahamia Babati.

"Naomba nichukue muda wangu, mdogo wangu," Sifaeli akasema.

"Chukua tu, kaka."

Akaigeuza, akapiga picha kibandiko cha namba nyuma. Akaomba boksi ili alinganishe namba. Boksi lilipotea alipohamia chumba hicho, Gadiel akasema. Risiti? Risiti nayo ilikuwa ndani ya boksi. Sifaeli akaweka alama ya kuuliza kwenye karatasi yake, akaendelea. Akaingiza diski: ikasomeka. Akaitoa, akairudisha. Akaanzisha mechi, akaweka rimoti mezani bila kuigusa, akamtazama mchezaji aliyekuwa na mpira. Rimoti mbovu humtembeza mchezaji yenyewe. Huyu alisimama palepale. Akajaribu kila kitufe. Akachomeka waya, taa ya chaji ikawaka. Akaacha mechi iendelee nusu saa nzima, mkono wake ukiwa karibu na matundu ya nyuma. Feni ilivuma kawaida, haikupiga kelele, na mashine haikujizima.

Katika nusu saa hiyo walizungumza kuhusu mvua, na kuhusu mlima ambao tangu asubuhi haukuonekana kwa mawingu. Sifaeli akagundua kwamba hajakaa chumbani kwa mtu hivi, bila kazi ya kufanya, tangu mwaka ulipoanza. Akaanza kumpenda yule kijana. Akaanza pia kujiona Jumapili jioni, kaketi kitandani, Aikande akimcheka kwa kufungwa magoli.

"Bado intaneti," akasema.

"Intaneti haina shida. Mimi huwa situmii, bando ni ghali."

"Natumia ya kwangu."

Akaunti iliyokuwa ndani haikuwa na jina la Gadiel. Iliandikwa nanyori_sambu. Gadiel akasema ni ya dada yake, na neno la siri halikumbuki, lakini itafutwa tu. Sifaeli akaweka alama ya pili. Mashine ikashika intaneti, na akaunti ile ikaingia mtandaoni yenyewe. Hakukuwa na maneno ya kufungiwa. Moyo wake ukatulia. Alikuwa anataka kutoka kwenye akaunti hiyo ili aingize yake mwenyewe, ndipo pembeni ya skrini ukatokea ujumbe.

Ulisomeka: Nanyori, umerudi hewani? Polisi wameipata?

Wote wawili waliusoma. Ulikaa sekunde chache, ukapotea. Feni iliendelea kuvuma.

"Hao ni marafiki wa dada," Gadiel akasema, bila kumtazama.

"Sawa," Sifaeli akasema. Alishangaa sauti yake ilivyotoka taratibu. "Mashine ni nzuri. Ngoja nikatoe hela kwa wakala, narudi."

Akaacha diski yake humo ndani na karatasi juu ya kiti. Alitembea mpaka barabara kubwa. Angeweza kupanda gari akarudi kwake, na hakuna ambaye angemuuliza. Badala yake alisimama kwenye kivuli cha duka la dawa, akafungua akaunti yake ya mchezo kwenye simu, akamtafuta nanyori_sambu, akaandika: "Hunijui. Nimeiona mashine yako inauzwa Engutoto. Kama una boksi, linganisha namba hii." Akatuma ile picha.

Jibu lilikuja baada ya robo saa. Namba ni hiyo hiyo. Nanyori akaongeza kwamba alisharipoti polisi na anayo namba ya jalada. Akauliza, kwa heshima, kama angekubali kuwaonyesha polisi nyumba.

Sifaeli alikubali. Alipofika huko na askari wawili, Gadiel alikuwa anafungasha. Alisema aliinunua kwa mtu stendi, asiyemjua jina, na huenda alisema kweli. Kituoni Sifaeli aliandika maelezo. Nanyori, mwalimu wa Oldonyo Sambu, mwanamke mfupi mwenye koti zito, alikaa naye kwenye benchi.

"Nacheza na kaka yangu, yuko Muscat," alimwambia. "Shuleni jioni kunakuwa kimya sana. Tangu iibwe tumezungumza mara mbili tu. Kwenye simu hatuna la kusema, unaelewa?"

"Naelewa," Sifaeli akasema.

Mashine haikurudi naye. Askari alieleza kwamba ni kielelezo, itakaa kituoni mpaka kesi iishe. Nanyori alitikisa kichwa, akamshika Sifaeli mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake kuwahi gari la Namanga.

Aikande alipopokea simu jioni, hakusubiri salamu.

"Umeipata, baba?"

"Sijaipata."

Alisikia milio ya mchezo, watoto wengine wakiitana humo.

"Ilikuwa ya wizi," akasema. Akaanza kumweleza, kwa kusitasita, kuhusu mchezaji aliyesimama palepale, kuhusu ujumbe, kuhusu mwalimu. Alitegemea kusikia sawa baba, usiku mwema.

Milio ikanyamaza. Aikande alikuwa ameuzima mchezo.

"Sasa huyo mwalimu atacheza na nani?" Aikande akauliza.

"Sijui."

"Na wewe?"

Sifaeli alitazama televisheni yake iliyozimwa, akaona humo umbo lake na simu sikioni.

"Jumamosi ijayo nakwenda kuangalia nyingine, Njiro," akasema. "Nitumie tena yale maneno, karatasi niliiacha."