Wa Tatu Kwenye Picha

Latifu alimuaga Mwamini kwamba anakwenda msibani Marui. Zamu ilikuwa ya Mwamini, bi mkubwa, hapo kwake Kisarawe, lakini msibani humzuii mtu. Kabla ya adhuhuri ikaingia picha kutoka kwa Kudra, mke mwenza wa Visiga. Msiba gani huo wenye mawimbi?

Kudra kasimama ufukweni kwa madaha, na kivuli cha mpiga picha mchangani kilikuwa cha Latifu hasa, kofia na kitambi.

"Dada Mwamini, si wewe mwalimu wa baiolojia? Kati ya hawa nani anauma? Nisije nikaharibu hina yangu."

Mwamini aliona moto kifuani. Akaivuta picha aikuze. Mchangani palikuwa na konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama uji wa muhogo uliopoa. Kwenye mwamba, mwingine mweusi mwenye miiba kama nungunungu. Na kiganjani mwa Kudra, kombe zuri la madoa ya kahawia.

Kudra bila shaka alidhani ni kauri, kombe lisilodhuru mtu. Lakini kauri ni ya mviringo, na mdomo wake una meno. Hili lilikuwa pana upande mmoja, likichongoka upande wa pili kama koni ya aiskrimu, na kwenye ncha kulichomoza kimrija. Konokono aliyemo ndani alikuwa hai. Huyo huchoma kwa jino mfano wa sindano, hata kupitia nguo, na wengine wa jamii yake huua mtu. Dawa ya kuipinga sumu yao hakuna.

Mwamini akaandika taratibu: "Konyeza usimguse hata akifa, nyuzi zake bado zinachoma. Mwenye miiba usimkanyage, itakatikia mguuni." Akatuma. Wa tatu akamwacha.

Na aume, alisema moyoni. Aume mkono huohuo wenye hina. Alijisikia vizuri, tena vizuri sana, akaenda jikoni kupalia mkaa huku akiimba.

Simu ikalia tena. "Ahsante dada. Basi hili kombe salama. Latifu kalitia mfuko wa shati, anasema ni zawadi yako."

Mfuko wa shati, juu ya moyo! Mwamini alimpigia Latifu simu. Iliita, ikakatika. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Latifu! Vua shati! Usilishike hilo kombe, vua shati ulitupe!"

Akasikia vurugu, Kudra akipiga yowe, kisha upepo. Mwamini alikaa chini palepale jikoni.

"Nimeshalitupa," Latifu alisema mwishowe, akihema. "Halijaniuma. Kumbe lina sumu?"

"Linaua, baba Zubeir. Alhamdulillahi!"

Latifu akauliza polepole, "Na lilipokuwa mkononi mwa Kudra, ulikuwa hujaliona?"