Waya Usio na Nukta

Keneuoe aliona nukta kabla hajaona namba. Zilikuwa mbili, nyeusi, ndogo kama mbegu za mtama, moja juu na moja chini upande wa kulia wa mchoro. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa ameishiwa karatasi za kuchapisha, kwa hiyo aliupiga picha mchoro wake na kuituma kwenye kundi la darasa. Swali la kwanza lilisema: tafuta ukinzani wote, kisha mkondo unaotoka kwenye betri.

Alilifanya akiwa amekaa kizingitini, miguu juani. Betri ya volti kumi na mbili. Rezista ya omu nne peke yake njiani. Baada yake njia inagawanyika penye nukta ya juu: tawi moja lina omu sita, lingine omu tatu, halafu yanakutana tena kwenye nukta ya chini na kurudi betrini. Yale matawi mawili ni sambamba. Moja ya sita jumlisha moja ya tatu ni nusu. Ukiipindua unapata omu mbili. Ongeza zile nne, zinakuwa sita. Kumi na mbili gawanya kwa sita, ampea mbili.

Alilipata. Hata hivyo aliituma ile picha kwa baba yake.

"Umeshindwa?" aliuliza Nkhono, bibi yake, aliyekuwa akichambua maharage pembeni.

"Nataka kuhakikisha tu."

"Mh! Mtoto huyu atamaliza maswali yote ya shule ili asiulize lile moja."

Keneuoe aliinamisha uso kama hakusikia. Lile moja alilijua. Ntate Tšeliso, baba yake, alikuwa fundi umeme mgodini kule Welkom, ng'ambo ya mpaka. Krismasi hakuja. Alisema atakuja Pasaka. Juzi alimpigia Nkhono kwamba Pasaka nayo haitawezekana, zamu zimebadilishwa. Mama yake Keneuoe alikuwa marehemu, na nyumba yao ya Mohale's Hoek ilikuwa na viti vinne na watu wawili. Kila alipozungumza na baba yake neno lilimfika kooni, na kila mara alilimeza na kutoa swali la fizikia badala yake. Maswali hayakumlemea mtu. Baba aliyajibu kwa furaha, na kwa muda wote wa kujibu sauti yake ilikuwa pale nyumbani.

Simu ililia. Aliiweka sauti ya juu, Nkhono naye asikie.

"Fundi wangu!" Baba alikuwa akitafuna kitu. "Swali lenyewe ndilo hili? Hili mbona la watoto wachanga? Omu nne, basi. Mkondo ampea tatu. Leta lingine."

Keneuoe alilitazama jibu lake tena. Baba hakuwahi kukosea.

"Ntate, mimi nimepata omu sita. Ampea mbili."

"Sita umezitoa wapi?"

"Hizo mbili za kulia ni sambamba. Zinatoa omu mbili. Ukiongeza na nne…"

"Zingekuwa sambamba kama zingefanya kazi. Huoni zimepigwa shoti? Kuna waya umezipita hapo kutoka juu mpaka chini. Umeme ni mvivu kama baba yako mdogo, ukioneshwa njia isiyo na kazi unapita hiyohiyo. Sita na tatu zimelala usingizi. Imebaki nne."

"Usimseme mwanangu," Nkhono alidakia, "na wewe ni mwanangu vilevile."

"Mama, nafundisha hapa!"

Keneuoe aliitazama picha upya. Aliikuza, akaipunguza. Hapakuwa na waya mwingine.

"Ntate, mimi siuoni."

"Macho ya vijana hayo! Umetoka juu ya nukta ya kwanza, umeshuka mshazari mpaka chini ya ile ya pili."

"Mshazari?"

"Ndiyo, mshazari. Umepinda kidogo katikati."

Mwalimu wao alichora kwa rula. Nyaya zake zote zilikwenda wima au zikalala, hakuna uliopinda. Na waya ukiungana na mwingine huwekewa nukta. Hilo baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha, akimchorea mavumbini kwa kijiti, kabla hajaondoka.

"Penye kuungana pana nukta, Ntate?"

"Hapana. Labda mwalimu wenu amesahau."

"Mwalimu wetu hasahau hata deni la chaki."

Baba alicheka, lakini si sana. Ilikuwa inaanza kumkera, na Keneuoe alijua kwamba akimkubalia, simu itakatika kwa amani na mazungumzo yao ya Jumamosi yatakuwa yameisha. Akimkatalia, baba atabaki hewani. Akamkatalia.

"Shika picha kwa kidole, Ntate. Isogeze kushoto."

"Ya nini?"

"Isogeze tu."

Alisikia kidole kikikwaruza kioo. Kidole kigumu cha fundi. Nkhono aliacha kuchambua maharage.

"Betri imesogea?" Keneuoe aliuliza.

"Imesogea."

"Rezista?"

"Zote."

"Na waya?"

Mtu alipita huko nyuma ya baba akiimba, akapotea.

"Waya haujasogea," baba alisema.

Hapo Keneuoe alielewa. Haukuwa waya. Ulikuwa ufa. Aliujua ufa ule ulivyotoka kona na ulivyopinda katikati, kwa sababu yeye ndiye aliyeufanya. Alikuwa na miaka kumi na moja, stendi ya basi, baba akiwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Alilivuta koti lake kwa mikono miwili, na simu ikaruka kutoka mfukoni ikaangukia kwenye lami. Baba aliiokota, akaipuliza vumbi, akasema ni kioo tu. Halafu akapanda.

Mwaka jana alimtumia simu mpya ili asome. Ilikuja na maneno kwamba na yeye amejinunulia kama hiyo.

"Ntate," alisema polepole, "ni ile simu ya stendi."

"Bado inaita vizuri."

"Ulisema umenunua nyingine."

"Nilinunua moja. Unayo wewe." Akakohoa. "Fundi mmoja hapa alitaka kunibadilishia kioo. Nikamwambia aache, nimekizoea. Haya, omu sita. Ampea mbili. Umenishinda, mwalimu. Nimefundishwa kazi na mtoto wangu mwenyewe."

"Hukukosea, Ntate. Kama ungekuwa waya, jibu lako lingekuwa sawa."

"Lakini si waya."

"Si waya."

"Basi. Lingine lipo?"

Ndivyo alivyouliza siku zote, na siku zote lilikuwepo. Hata sasa lilikuwepo; swali la pili lilikuwa chini ya lile, lenye betri mbili. Nkhono alikuwa amemkazia macho, maharage yakiwa kiganjani. Keneuoe alilitazama swali la pili. Alifikiria kidole cha baba, kila siku kikipita juu ya ule ufa, kutoka kona hadi kona, bila kuutoa.

Akaigeuza simu, akaisogeza karibu na mdomo.

"Lipo, Ntate. Rudi nyumbani."