Kadi Namba 212

Bajeti ya mfumo wa kompyuta ilikuwa imerudishwa kwa Phelista Nabwile mara mbili, na kila ikirudi ilikuwa imenyofolewa kama gunzi la mahindi lililopita mikononi mwa watoto watano. Mara ya kwanza kamati ya ushirika ilikata mafunzo. Mara ya pili walikata uhamishaji wa data, yaani kuingiza kadi za wakulima kwenye kompyuta, wakaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii si kazi. Ni kupiga chapa tu."

Phelista alikuwa mhasibu wa ushirika wa maziwa wenye makao makuu Kitale na tawi Bungoma, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Maandishi yale mekundu aliyasoma akiwa amesimama, akaketi, akayasoma tena. Alijua mfumo ukikwama si wanakamati watakaotukanwa na wakulima siku ya malipo. Kamati hukaa kwao. Dirisha la malipo lina uso mmoja tu, na uso wenyewe ni wake.

Sasa ilikuwa Alhamisi, mkutano wa tatu na wa mwisho, maana bei aliyotoa muuzaji wa mfumo ilikuwa inaisha muda kesho yake. Wanakamati saba walikuwa wamejipanga mezani na chai ilikuwa imeshamwagika mahali pawili.

"Mama Phelista," akasema mwenyekiti, Mzee Kimaiyo wa Kachibora, "tufanye haraka. Mfumo ni milioni moja na laki nane. Tumekubali. Sasa unatuletea nini tena?"

"Hiyo milioni na laki nane ni leseni peke yake, Mwenyekiti. Watu ishirini na wanne, kila mmoja elfu sabini na tano. Leseni ni ruhusa ya kuingia kwenye mfumo. Ndani hakuna kitu bado."

"Ati hakuna kitu? Tunanunua hewa?"

"Wakulima ndio hawamo. Kuwaingiza ni laki tano na elfu themanini na tisa. Mafunzo laki mbili na arobaini. Halafu mwaka wa kwanza matengenezo ni bure, lakini kuanzia wa pili ni laki tatu na elfu ishirini na nne, kila mwaka."

"Kila mwaka!" Hapo makamu mwenyekiti, Mzee Hesbon Wekoye wa Matulo, alipiga meza. Wekoye alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. "Si tumenunua, bana? Mimi nikinunua jembe, fundi hanijii kila Januari!"

"Ukinunua ng'ombe wa gredi, mzee, humwogeshi? Humchomi sindano?"

"Ng'ombe anatoa maziwa."

"Na huyu atakutolea malipo. Asipotunzwa, malipo yako atampa jirani."

Wengine walicheka. Wekoye hakucheka. Phelista akaanza kueleza kwamba kwa miaka mitano gharama yote ni milioni tatu, laki tisa na elfu ishirini na tano, na kwamba wakipitisha ile moja na nane pekee watajikuta mwaka ujao wanakopa. Alipofika katikati, mjumbe mmoja akauliza kama muuzaji hawezi kuwapa mafunzo kwa simu. Mwingine akauliza kama chakula cha mafunzo kitakuwa na nyama. Mwenyekiti akauliza saa. Phelista alifumba macho akahesabu hadi kumi, kisha akaongeza tano nyingine kwa ajili ya swali la nyama.

"Lakini hii laki tano na themanini na tisa," akasema Wekoye, akirudi palepale kama nzi, "ndiyo inanikera kabisa. Kadi zipo. Zimeandikwa. Watoto wetu wamemaliza shule, wako nyumbani. Tuwape elfu mbili mbili, wanakili, imekwisha!"

Ni yeye aliyeishikilia kalamu nyekundu, hilo Phelista alilijua tangu zamani. Kwa nini aishikilie kwa nguvu hivyo, hilo hakulijua hadi Jumatatu iliyopita, alipokwenda Bungoma kuchukua kadi mia moja za kujaribia. Zilikuwa kwenye masanduku ya mbao, nyingine zimeliwa na mchwa.

"Mwenyekiti," akasema, "Hillary yuko hapa na kompyuta. Mpeni dakika tano."

Hillary, kijana wa kampuni inayouza mfumo, alikuwa ameketi nyuma akila biskuti. Akasimama, akawasha picha ukutani.

"Niliingiza zile kadi mia za Bungoma kwenye mfumo wa majaribio," akasema. "Sitini na sita zimeingia poa. Thelathini na nne zimekataliwa."

"Zimekataliwa na nani?" akauliza mwenyekiti.

"Na mfumo. Unataka kila mtu awe na kitambulisho chake, tarehe ya kuzaliwa, mrithi, na saini. Hizo hazina, au zina za mtu mwingine."

"Mfumo unaringa!" akasema Wekoye.

"Mzee Wekoye," Phelista akamwambia kwa upole wa mtu anayemkabidhi mgeni kiti kibovu, "tujaribu na ya kwako. Namba yako ya uanachama ni ngapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili. Kila mtu anajua."

Hillary akaandika. Ukutani pakatokea: Wekoye, aliyejiunga mwaka 1964, aliyezaliwa 1919. Chini yake, kwa herufi nyekundu: umri miaka 106, thibitisha.

Mwenyekiti akakohoa vizuri sana.

"Hongera, mzee," akasema mjumbe wa nyama. "Unakaa kijana."

"Huyo ni baba," Wekoye akasema.

"Yuko wapi baba?"

"Alizikwa tisini na nne. Lakini kwetu namba ya mzee haitupwi. Mtoto wa kwanza anaendelea nayo, ndio jina lisipotee. Kila boma kule Matulo ni hivyo."

"Najua, mzee," akasema Phelista. "Nimeona. Ndiyo maana kadi elfu sita na mia mbili si kupiga chapa. Kila moja lazima mtu aende, aulize nani yuko hai, nani anapeleka maziwa, hisa ni za nani. Ni shilingi tisini na tano kwa kadi. Tusipofanya hivyo, mfumo utalipa bonasi kwa marehemu kwa mwendo wa kasi."

"Na hisa za huyu mzee," mwenyekiti akauliza polepole, "ni za nani?"

Wekoye aliangalia chai yake. Alikuwa na ndugu wanane, na hakuna aliyewahi kuambiwa kuna hisa.

"Pesa itatoka wapi?" akauliza mjumbe mmoja, akimhurumia Wekoye.

Phelista alikuwa na jibu tayari, kwenye ukurasa wa tatu. "Kuna ziara ya kamati kwenda Naivasha kujifunza. Laki nane na elfu thelathini."

Yakafuata manung'uniko makubwa kuliko yote ya siku ile. Aliyeyakata ni Wekoye mwenyewe, kwa sauti ndogo asiyoijua mtu.

"Napendekeza ziara ifutwe."

Mjumbe wa nyama akaunga mkono, kwa uso wa msiba. Mstari wa kuhamisha data ukarudishwa, mafunzo yakarudishwa, na matengenezo ya kila mwaka yakaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, ingawa mwenyekiti aliuliza mara mbili nyingine kama hayana mwisho.

Phelista alipokuwa anakusanya makaratasi, Wekoye alimfuata mlangoni.

"Mama, kuhamisha hiyo namba kwangu, nahitaji nini?"

"Cheti cha kifo, barua ya chifu, na saini za ndugu zako wote."

"Wote?"

"Wote wanane. Kule Bungoma niliuliza."

Mzee akatoa simu, akaanza kumtafuta wa kwanza.