Barua ya Kumkatalia Bwana Mwero

Bi Biasha alipenda kuwaambia watu kwamba Msambweni nzima, tangu hospitali hadi ufuoni, hakuna aliyejua kukataa kwa adabu kama yeye. Posa kumi na moja alizirudisha, alisema, na wenyewe wakaondoka wakimshukuru. Akitazamwa sana huongeza mwenyewe, “Basi tuseme mbili. Na mmoja alikuwa amekuja kununua kuku.”

Kwa hiyo mjukuu wake Hasina alipoketi mkekani na simu mkononi, akasema anamwandikia Bwana Mwero kuikataa kazi ya hoteli, Bi Biasha alisogea karibu na kuutengeneza mtandio wake kama mtu aliyeitwa barazani kutoa shauri.

Bwana Mwero huyo ni mtu wa Samburu, kule barabara ya Nairobi, na ndiye meneja wa wafanyakazi katika hoteli moja ya Diani. Hasina alifanya mafunzo ya kazi pale kwa miezi mitatu, jikoni mwa keki, na alipomaliza masomo wakampelekea barua: waajiri walimtaka awe msaidizi wa mpishi wa keki, mshahara huu, majaribio miezi mitatu, na jibu litolewe kabla ya siku saba. Siku ya nne ilikuwa imefika. Na wiki hiyo hiyo chuo cha ufundi cha Msambweni kilikuwa kimemwajiri afundishe wasichana kuoka mikate.

“Ni hotelini utakakopata jina,” alisema Bi Biasha.

“Jina ninalo, Bibi. Ninataka kufundisha.”

“Hukai kwa ajili yangu?”

“Wewe? Wewe unakimbiza mbuzi wa jirani yetu Twaiba kila asubuhi. Sikai kwa ajili yako.”

Bi Biasha alicheka, ila jibu lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu humhimiza mjukuu aende, na huku moyoni anatamani kusikia kwamba hawezi kuachwa.

“Nisomee basi.”

Hasina alikuwa ameandika kwa Kiingereza, lakini alimsomea bibi yake kwa Kiswahili, sentensi moja moja:

“Bwana Mwero, nakushukuru kwa kunipa nafasi ya msaidizi katika jiko la keki, na kwa muda mliotumia kunihoji. Baada ya kufikiri sana, nimeamua kutoikubali nafasi hii. Nimekubali kazi ya kufundisha uokaji katika chuo cha ufundi huku Msambweni, kwani ndiyo inayonifaa kwa sasa. Haukuwa uamuzi mwepesi, maana mengi ninayoyajua nimeyapata jikoni kwenu. Nakuandikia leo ili mpate nafasi ya kumwita mwingine mapema. Natumaini tutaendelea kujuana, na nawatakia msimu mwema.”

“Basi?”

“Basi.”

“Hata mtu hajakaa kitako, ushamwambia ondoka.” Bi Biasha alitikisa kichwa. “Sentensi ya pili ndiyo hapana? Halafu unamtajia mchumba mwingine kwa jina na mji aliko? Umemuuliza hali za nyumbani?”

“Bibi, huyu ana watu ishirini wanaoingoja nafasi hiyo. Nikimzungusha, anawazungusha na wao. Mwalimu alitufunza: shukuru, kataa waziwazi, toa sababu moja ya kweli, fupi, usiwaseme vibaya, kisha uache mlango wazi.”

“Mlango wazi unaachwa kwa maneno matamu.”

“Unaachwa kwa maneno ya kweli. Mwakani wanafunzi wangu watahitaji jiko la kufanyia mafunzo. Huku kusini jiko kubwa la keki ni lile. Nikimuudhi Bwana Mwero, wasichana wale nitawapeleka wapi?”

Hasina akaituma barua, akaiweka simu ichajiwe, akaenda chuoni kupokea funguo za darasa lake.

Hazikupita saa mbili, simu ikalia. Bi Biasha alijua kidude kimoja tu cha simu ile, cha kijani, akakibonyeza.

“Hasina?”

“Ametoka, mwanangu. Mimi ni bibi yake, Bi Biasha.”

“Shikamoo, Bibi. Mimi Mwero, wa hotelini. Nimesoma barua yake.” Kisha akasema kwa utani wenye uzito ndani, “Kwani tulimkosea wapi huyu mtoto?”

Loo, moyo wa Bi Biasha uliyeyuka. Alisikia kabisa sauti ya baba wa mchumba aliyerudishiwa mkaja wake wa posa. Na alijua, kwa ujuzi wa posa zake kumi na moja, kwamba jambo moja tu halibishiwi duniani.

“Hamkumkosea, mwanangu. Ni mimi. Miguu imenikataa. Mtoto ataniacha na nani?”

“Subhana Allah. Unaumwa sana?”

“Hata kusimama siwezi,” alisema Bi Biasha, akiwa amesimama.

Alipoikata simu alijisikia vizuri sana. Kwanza amelainisha mambo. Pili, kwa dakika moja, katika sikio la mtu mmoja aliyeko Diani, ilikuwa kweli kwamba Hasina amekaa kwa ajili yake. Hasina aliporudi alimwambia tu, “Alipiga yule Mwero wako. Anasalimia, wala hana neno.” Hasina alipiga simu kumrudishia, haikupokelewa, akamwandikia ujumbe wa shukrani, akajibiwa kwamba wataonana, inshallah.

Bi Biasha alisahau kitu kimoja ambacho hata mtoto wa chekechea wa pwani anakijua: ukisema unaumwa, watu watakuja kukutazama.

Ijumaa, baada ya swala, alikuwa anatoka bombani na mtungi wa lita ishirini kichwani, mkono mmoja tu umeushika, mwingine unamtishia mbuzi wa Twaiba kwa ufito. Gari jeupe likasimama kando yake. Kioo kikashuka.

“Shikamoo, mama. Samahani, kwa Bi Biasha ni wapi? Nimesikia anaumwa, nimekuja kumtazama.”

Sauti ile Bi Biasha angeitambua hata usingizini. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mfuko wa machungwa na kopo la unga wa glukosi. Aliishika kanga yake akaivuta hadi puani.

“Marahaba, baba. Maskini, mgonjwa kweli yule. Hata kuinuka hawezi.” Akanyoosha ufito. “Pita hapo kulia, uzunguke msikiti, ufike uwanja wa mpira, kisha uulize tena.”

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ukuta uliokuwa kando yake, hatua ishirini. Gari lilipopinda kona, mtungi ulishuka chini, mbuzi akasamehewa, na Bi Biasha akakimbia kama msichana aliyesikia mwali anatolewa. Alipopigiwa hodi alikuwa kitandani, kanga mbili juu yake, anahema.

“Karibu, mwanangu, karibu. Unisamehe siwezi kuinuka.”

“Usijisumbue kabisa, Bibi.” Bwana Mwero alivua viatu, akaketi kwenye kigoda, akaweka machungwa mkekani. Mtu wa makamo, kipara, mwenye utulivu wa watu waliozoea kusikiliza sababu za wengine. “Unahema sana.”

“Ndiyo maradhi yenyewe.”

Akamwombea afueni, naye Bi Biasha akaitikia amina kwa haya ya kweli, maana dua ilikuwa nzuri na yeye hakuistahili. Ndipo Hasina akaingia, mikono bado ina unga wa darasani. Aliona viatu vya kiume mlangoni, akamwona bosi wake wa zamani kwenye kigoda, akamwona bibi yake amefunikwa hadi kidevuni saa nane mchana.

“Shikamoo, Bwana Mwero. Kuna nini?”

“Marahaba. Nimekuja kumtazama mgonjwa. Na nimekuja kukushukuru.” Akatoa simu mfukoni. “Unajua watu wangapi hukataa kazi kwa kunyamaza tu? Wengine huja, huchukua sare, wakapotea. Wewe uliniandikia siku ya nne. Jioni ile ile nilimpigia aliyekufuatia, na Jumatatu anaanza. Barua kama ile mimi huiweka.”

Uso wa Hasina ulilegea kwa faraja.

“Nilikuwa na jambo jingine,” akaendelea. “Mpishi wetu wa keki anataka wanafunzi wawili mwezi wa tatu. Nilifikiri nianze na chuo chako. Ila kuna kitu kimenitatiza. Barua yako inasema hukuja kwetu kwa sababu unataka kufundisha. Simu ya nyumbani kwako inasema hukuja kwa sababu ya miguu ya bibi. Nikilipeleka jina lako kwa wakubwa zangu, ninataka kujua nimeamini lipi. Na kama ilikuwa miguu, mbona hukuniambia? Ningekutafutia zamu ya mchana.”

Bi Biasha, chini ya kanga mbili, aliuona uwongo wake mdogo umetoka kwake, umevuka chumba, umemkalia mjukuu begani. Hasina alikuwa amesimama wima, masikio yamemwiva.

“Barua ndiyo kweli,” alisema Hasina polepole. “Kila neno. Sikukuficha kitu.” Kisha akageuka. Wala hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Bi Biasha. “Bibi. Unaumwa?”

Palikuwa na nafasi pale ya kusema kweli, pana kama mlango wa msikiti. Bi Biasha aliiona. Alifungua kinywa aipite. Lakini mgeni alikuwa amesafiri tangu Diani na machungwa yake, na mtu mzima kuumbuka mbele ya mgeni ni kazi nzito.

“Tangu Jumatano,” alisema kwa sauti nyembamba, “sijakanyaga chini.”

Bwana Mwero alichukua chungwa moja, akalimenya taratibu, akampa kipande cha kwanza mgonjwa. Macho yake hayakuwa na ukali wowote.

“Pole sana, Bibi. Maana nimeshangaa. Yule mama mwenye mtungi, aliyenizungusha msikiti mzima na uwanja wa mpira, alikuwa na sauti yako ile ile ya simu.” Akamgeukia Hasina. “Nimeshajua la kuamini. Niletee majina mawili ya wasichana.”

“Huyo alikuwa dada yangu,” alisema Bi Biasha upesi, chungwa mdomoni.

Hasina aliketi ukingoni mwa kitanda, akauweka mkono wake wenye unga juu ya mguu wa bibi yake.

“Bibi,” alisema, “wewe ulizaliwa peke yako.”