Jumamosi Niliyotoka Mapema

Chumba chetu cha upatu kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, na mpaka leo nikisikia harufu ya pamba mpya moyo unarudi kule. Mabenchi mawili, meza moja yenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha mbao, na dirisha lililofunguka nusu tu. Kila Jumamosi mchana tulikaa humo watu kumi na wawili wa safu yetu ya soko: mafundi nguo, mpiga pasi, muuza vifungo, fundi saa, na mimi fundi viatu. Tulitaniana mpaka mwenye duka akagonga ukuta.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini hesabu ya upatu haihitaji shule. Kila mtu elfu tano. Kumi na wawili, elfu sitini. Mmoja anachukua zote, wiki inayofuata mwingine, mpaka zamu imalizike, tunaanza upya. Mwenye namba za mwanzo ni kama amekopeshwa na wenzake, atalipa kidogo kidogo. Mwenye namba za mwisho ni kama ameweka akiba. Mke wangu ndiye aliyetuchagulia namba kumi na moja.

"Namba ya mwanzo itakufanya ununue ngozi ambayo huna mteja wake," aliniambia. "Nakujua."

Alinijua kweli. Alikuwa fundi cherehani, tukifanya kazi fremu moja, ya mbele kabisa, karibu na lango. Yeye upande wa kulia na cherehani yake, mimi kushoto na nyundo na gundi. Mteja akileta gauni lipunguzwe, yeye anamtazama miguuni na kusema, "Na hicho kiatu utakiacha hivyo hivyo mpaka lini?" Nusu ya wateja wangu walitoka mdomoni mwake. Akishona alikuwa akiimba chini kwa chini, wimbo usiokuwa na maneno, na nikiacha kugonga ili nimsikie, naye ananyamaza. Miaka yote ile sikuwahi kuusikia mpaka mwisho.

Pamoja na ile elfu tano, kila mmoja alitia mia tano kwenye kopo. Hilo halikuwa la zamu. Lilikuwa la dharura, la bati, lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao mwenyekiti, yule fundi saa, mmoja Mama Vifungo, na mmoja mke wangu. Mwenye shida anakopa bila riba, analipa kwa wiki nane. Lakini wenye funguo wote watatu lazima wakubali kwamba shida ni dharura.

Sasa nieleze yaliyonikuta.

Jumatano moja meneja wa soko alipita na karatasi. Huyo bwana alikuwa na viatu vya bei ambavyo hakuwahi kunipa nivipige hata rangi. Karatasi ilisema fremu za mbele zote zinatakiwa dhamana mpya ya elfu sabini, mwisho Jumanne, asiyelipa atoke. Dhamana ya nini, hakuna aliyeambiwa. Choo cha soko kilikuwa hakina mlango mwaka mzima, hilo halikuwa na karatasi. Lakini ndivyo walivyo wenye ofisi, wao shida yako haina tarehe, pesa yao ina mwisho Jumanne.

Nyumbani nilikuwa na elfu kumi. Kwenye kopo, nilijua, kulikuwa na elfu themanini. Nikaona jambo limekwisha. Upatu wetu, kopo letu, na ufunguo mmoja nalala nao chumba kimoja.

Jumamosi nikasimama kabla hata michango haijakusanywa. Nikaeleza, nikaonyesha karatasi. Mwenyekiti alivua ile miwani yake ya kutazamia saa, akaisoma karatasi taratibu, kama ina vyuma ndani.

"Ndugu yangu, pole," akasema. "Huu ni uonevu. Lakini kopo si la kodi."

"Kopo ni la shida. Hii si shida?"

"Shida ipo. Ila hii ina tarehe. Umepewa siku saba, unaiona inakuja. Kopo ni la kitu kinachokuja bila kubisha hodi. Mtu ameanguka, mtu amefiwa, nyumba imeungua. Tukilitoa kwa kodi yako, wiki ijayo nitalitoa kwa kodi yangu, halafu kitu kikitokea tutafungua bati tupu."

"Wewe kodi yako ya wapi? Kimeza chako kiko kwenye ngazi, hulipi hata sumni."

Watu wakacheka, naye akacheka. Mama Vifungo akasema, "Shemeji, mimi pia nasema hapana. Usinikasirikie, ufunguo wangu ni mmoja tu kati ya zile tatu."

Basi nikamgeukia mke wangu. Nilimtazama kama mtu anayemtazama shahidi wake mahakamani. Ile fremu ilikuwa ya kwake kama ilivyokuwa yangu. Cherehani yake ilikuwa karibu na lango kuliko nyundo yangu.

Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake alikofunga ufunguo. Akasema polepole, "Si dharura, fundi."

Mbele ya watu. Mke wangu mwenyewe.

Mwenyekiti akasema, "Lakini kaa, kuna njia nyingine." Sikukaa. Nilitupa elfu tano yangu mezani, mia tano yangu sikuitupa, nikatoka. Nikasikia mke wangu nyuma yangu, "Fundi." Halafu tena, "Fundi, rudi." Nikaendelea.

Sasa njia nyingine yenyewe ilikuwa ipi? Kila mtu wa upatu anaijua, na mimi niliijua, sema hasira iliniziba. Ilikuwa wiki ya tano. Zamu ilikuwa ya Mama Vifungo, elfu sitini ziko mezani. Mtu anaruhusiwa kubadilishana namba. Ningemwomba anipe ya tano, naye achukue yangu ya kumi na moja. Ningekuwa na sitini, naongeza kumi zangu, sabini kamili. Hakuna kopo lililoguswa. Ningeendelea kutoa elfu tano yangu kila wiki kama kawaida, na wiki ya kumi na moja Mama Vifungo angechukua zake. Yeye alitaka kununua zipu za jumla tu, zipu haziozi.

Lakini upatu wetu una mwiko mmoja. Namba haibadilishwi kwa mjumbe. Miaka ya nyuma mdogo wake mtu aliwahi kuja akabadilisha namba ya kaka yake, akala, akahama mji, na kaka hana habari. Tangu hapo mwenye namba lazima aombe kwa kinywa chake, mbele ya wote, pesa hazijatoka mezani. Namba kumi na moja ilikuwa kwa jina langu. Mke wangu angeweza kuomba mpaka sauti ikauke, wasingemsikiliza. Walinisubiri. Mwenyekiti alichelewesha kuhesabu makusudi, hilo niliambiwa baadaye. Mke wangu alitoka mpaka barabarani kunitafuta. Mimi nilikuwa nimekaa kituo cha mafuta, nawatukana viongozi wote moyoni kwa zamu, kuanzia meneja wa soko mpaka fundi saa.

Mama Vifungo akapewa zake. Jumapili mke wangu aliniwekea chakula mezani, akatoka uani, nikala peke yangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa fremu nafungasha kalibu zangu za viatu, nikasikia ukelele safu ya nyuma. Mpiga pasi. Pasi yake ya mkaa ilikuwa na kitasa kibovu, kila siku anakifunga na waya. Alipoinyanyua kifuniko kikafunguka, makaa yote yakamwagika pajani. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, amelala sakafuni na suruali imegandamana na ngozi. Nilimmwagia ndoo mbili za maji, nikambeba mgongoni mpaka hospitali. Huku ananiambia, "Kaka, gauni la bibi harusi liko kwenye meza, mwambie mtu alitoe lisiungue." Nikamwambia anyamaze.

Dirishani karani hakuinua hata uso. "Malipo ya kuanzia elfu hamsini."

"Huyu mtu ameungua, unamwona."

"Namwona. Hamsini."

Sitasahau alivyolitamka. Lakini kabla sijamaliza kugombana naye, walifika watatu, mwenyekiti, Mama Vifungo na mke wangu, wakihema, kopo limefungwa kwenye mtandio. Wakaliweka pale pale juu ya kidirisha. Kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kama hii ni dharura. Wakahesabu hamsini, kitanda cha magurudumu kikaletwa.

Mimi nilisimama pembeni na mgongo umelowa maji. Nilikuwa nimeshapiga hesabu, wala sikutaka kuipiga. Kwenye themanini, toa sitini ambazo ningekopa. Pale dirishani wangefungua kufuli tatu wakakuta elfu ishirini na zile mia tano tano za Jumamosi.

Mke wangu alinitazama mara moja tu. Hakusema unaona. Wanawake wengine wangesema.

Jumanne jioni askari wa soko walikuja na meneja wao, tukatoka. Sijawasamehe, na sidhani kama wamewahi kuniomba. Tulihamia chini ya ngazi, kando ya kimeza cha mwenyekiti, mahali pa giza ambapo mteja lazima aulize njia. Tulibeba cherehani, yeye kichwa chake, mimi miguu.

"Umenitoa kwenye fremu yangu," nikamwambia.

"Ulijitoa mwenyewe, Jumamosi, mlangoni. Nilikuita mara tatu."

"Mara mbili."

"Ya tatu nilikuita barabarani. Hukuwepo." Akaweka kichwa cha cherehani chini, akapumua. "Na mimi nilikuwa na fremu pale, fundi. Ulidhani sikuipenda?"

Nilikuwa nimeifikiria hasira yangu siku sita, na yake sikuifikiria hata dakika.

Tulikaa chini ya ngazi ile miaka kumi na mmoja. Alipougua, lile kopo lilifunguliwa kabla sijafungua mdomo, na tukalilipa lote, wiki nane, mia tano ya mwisho nikiipeleka mimi peke yangu. Sasa hivi upatu ule umevunjika. Walikuja viongozi wapya, wakasema pesa isilale, wakaitoa mikopo ya kununua simu na kufanya sherehe, na siku mtu alipoanguka hapakuwa na kitu. Mimi nilisema. Nani amsikilize fundi viatu.

Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya kufukuzwa ndiyo ninayoirudia sana. Nilikwenda. Nilichelewa kidogo, makusudi, nikiwa na elfu tano yangu na mia tano mara mbili, ya wiki hiyo na ile niliyoinyima. Wote wakanigeukia nilipoingia.

"Shemeji," Mama Vifungo akasema, "leo unakaa, au tukushikie mlango?"

"Nakaa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mtu apewe zake."

Mwenyekiti akaandika jina langu bila kuinua uso. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mke wangu akavuta gauni lake, akasogea, nikakaa.